Nilivyofanya watu wawili watazamane kwenye klipu zilizotengenezwa mbali mbali

Jamani leo nimefurahi, nimemaliza sini yangu ya dada, Neema, na kaka, Shabani, wanabishana juu ya barua, klipu sita za sekunde nane nane, zote nimezitengeneza kwa programu ya kugeuza maandishi kuwa video, na ukizipanga unaona kabisa watu wawili wako meza moja wanaongea. Imenichukua karibu wiki mbili na krediti nyingi zimepotea bure, sehemu kubwa kwa sababu ya ushauri niliopewa, kwa hiyo naandika ili mwingine asipotelee hapo hapo.

Nilitaka watu watazamane hata kama kila mmoja yuko klipu yake, na ushauri wenyewe ulikuwa huu: "andika tu kwenye maelekezo kwamba ufuatwe mstari wa nyuzi 180." Sasa mwenye kamera mkononi sheria hiyo anaielewa, maana yake kuna mstari wa kufikirika unaomuunganisha mwongeaji mmoja na mwenzake na kamera zako zote zinakaa upande mmoja wa mstari huo, ukivuka wanaonekana wote wanatazama upande mmoja kama abiria wa basi. Lakini programu inatengeneza klipu ya kwanza haijui kama kuna ya pili, na ya pili haijui kama kulikuwa na ya kwanza, huo mstari itaufuata kwa kulinganisha na nini? Mwingine akaniambia tumia namba ile ile ya sidi, yaani namba ambayo programu inaanzia kubuni picha. Nikatumia. Maelekezo yakibadilika kidogo tu picha inapangika upya, sidi haikunisaidia kitu kwenye upande wa macho.

Kosa langu kubwa lilikuwa sentensi ambayo ukiisoma huoni ubaya wake: "Sura ya karibu ya Neema, anamtazama Shabani." Mara ya kwanza Neema akatazama kamera moja kwa moja, kama msomaji wa habari. Nikarudia, safari hii programu ikamleta Shabani mzima mzima ndani ya fremu, kasimama nyuma yake, kwa sababu nimemtaja na kila unachokitaja inajitahidi kukionyesha. Nikaongeza "asitazame kamera", hapo ndo akaikazia macho kabisa, neno kamera limeshaingia na hilo "asi" halikubeba uzito wowote. Na majina yenyewe hayana maana kwake, Neema kwa klipu ya kwanza na Neema kwa klipu ya tatu ni watu wawili tofauti. Nikayatoa majina, wakawa "mwanamke wa gauni la njano" na "mwanaume wa shati la bluu", maneno hayo hayo bila kubadilisha hata moja kila klipu.

Halafu kuna kushoto na kulia. Nilikuwa naandika "anatazama kulia kwake" na nusu ya klipu zinakuja kinyume, mpaka nikakaa nikajiuliza kulia kwa nani? Mtu akikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Tangu siku hiyo siandiki kulia bila kusema kulia kwa fremu, na hilo peke yake lilipunguza makosa kuliko kitu kingine chochote.

Ila kilichonifungua macho hasa ni karatasi. Nilichora meza kama unaitazama kutoka darini, duara moja kushoto (dada), duara moja kulia (kaka), mstari kati yao, na kamera zote nikaziweka chini ya mstari. Dirisha liko ukuta wa mbali, juu ya mstari. Nikageuza karatasi nikakaa kwenye nafasi ya kila kamera, na hapo nikaona kitu ambacho hakuna aliyeniambia: ukiwa kwenye kamera inayomwona dada, dirisha liko kulia kwa fremu, ukihamia kamera inayomwona kaka dirisha lile lile liko kushoto. Mimi muda wote nilikuwa nakopi "mwanga kutoka kushoto" kwenye klipu zote nikidhani ndo kulinganisha, kumbe nafanya ionekane kila mtu yuko chumba chake. Na ukuta wa nyuma vilevile, nyuma ya dada ni ukuta wa kijani, nyuma ya kaka ni kabati la vitabu, ukiacha kutaja programu inajichagulia.

Maelekezo yaliyonifanyia kazi ni haya, nayaweka kwa Kiswahili, wewe yapeleke kwa lugha ambayo programu yako inaielewa vizuri:

```
Shoti ya bega. Ukingo wa kulia wa fremu, mbele:
bega na kisogo cha mwanaume wa shati la bluu,
nje ya fokasi, ametulia. Kushoto kwa fremu:
mwanamke wa gauni la njano ameketi, uso
umegeukia kulia kwa fremu, anamtazama mwanaume,
anaongea. Mwanga wa dirisha kutoka kulia kwa
fremu. Nyuma yake ukuta wa kijani. Kamera
imetulia, usawa wa macho yao.
```

Shoti ya kujibu ni hiyo hiyo lakini kila kulia inakuwa kushoto na kila kushoto inakuwa kulia, mwanamke wa gauni na mwanaume wa shati wanabadilishana nafasi, ukuta wa kijani unakuwa kabati la vitabu. Usiandike upya kutoka kichwani, kopi ubadilishe. Lile bega ndo msumari, likishakuwepo ukingoni macho yana pa kwenda. Neno kisogo usiliache, nikiandika bega tu yule wa mbele alikuwa anageuka kuonyesha uso na wakati mwingine anaanza kuongea na yeye.

Kwa sura ya karibu ambayo bega halipo, mwenzake simtaji kabisa. Naandika "uso umegeuka robo tatu, macho yanatazama kitu kilicho nje kidogo ya ukingo wa kulia wa fremu, usawa wa macho yake". Hiyo "nje kidogo" muhimu, bila hiyo unapata mtu wa pembeni kabisa, unaona sikio.

Kupima ni rahisi, natoa picha moja ya kila klipu naziweka sambamba kwenye skrini, ya dada kushoto, ya kaka kulia. Pua zielekeane na vivuli viangukie upande mmoja wa chumba. Klipu moja ilikuja nzuri sana ila pua imegeuka, nikaipindua kama kwenye kioo kwenye programu ya kuhariri, macho yakakaa sawa, nikashangilia, nikaja kuona saa ya kaka imehamia mkono wa kulia na mwanga nao umehama. Kupindua kunafaa tu kama hakuna saa, maandishi, wala dirisha la kukuumbua.

Klipu ya tano kaka anasimama, hapo upande wa macho haubadiliki, kinachobadilika ni kimo. Kwa dada niliongeza "macho yanapanda juu kulia kwa fremu, kamera juu ya bega la mwanaume aliyesimama", kwa kaka "macho yanashuka chini kushoto kwa fremu, kamera chini, usawa wa bega la mwanamke aliyeketi". Ilitoka jaribio la tatu. Nimeiangalia mara nyingi bila sauti, na kila dada akiinua macho najua anamtazama nani.