Akaunti Iliyobadilika Jumatano na Kurudishwa Ijumaa

Mwaka 2016 nilikuwa mkaguzi wa ndani katika kampuni moja ya usambazaji jijini Dar es Salaam, yenye tawi dogo Mbeya, na mahesabu yake yote yaliendeshwa kwa programu ya SAP. Kila mwaka wakuu wa idara walipitia ruhusa za mfumo na kuzisaini. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha kwamba upitiaji huo umefanyika. Mwaka huo makaratasi yalikuwa kamili. Mhasibu mkuu alikuwa amesaini karatasi ya wanaoweza kusajili wasambazaji na kubadilisha taarifa zao, karatasi ya wanaoingiza ankara, na karatasi ya wanaoendesha mkupuo wa malipo, na kila karatasi, ukiisoma peke yake, haikuwa na dosari yoyote.

Kilichonisumbua ni kwamba hatari tuliyoiogopa haikuwa na mahali pa kuonekana katika karatasi hizo. Mtu hawezi kuiibia kampuni kwa kusajili msambazaji tu, wala kwa kuingiza ankara tu. Wizi unawezekana pale mtu mmoja anapoweza kuandika namba ya akaunti ya benki ya msambazaji, kuingiza ankara kwa jina la msambazaji huyo, kisha kuilipa bila mkono wa mtu mwingine kupita katikati. Upitiaji unaopangwa kwa majukumu, yaani kwa yale mafungu ya ruhusa anayopewa mfanyakazi, humtawanya mtu huyo katika kurasa tatu tofauti.

Nilimweleza mhasibu mkuu, mama niliyemheshimu sana kwa umakini wake.

“Kaka, kila jukumu nililisoma na kulisaini mwenyewe,” alisema.

“Ni kweli, mama, na kila moja liko sawa. Naomba sasa tuyasome kwa majina ya watu.”

Alikubali siku hiyohiyo, na bila ridhaa yake kazi isingekwenda mbali. Msimamizi wa mfumo alinitolea jedwali la `AGR_USERS`, linaloonyesha nani ana jukumu gani na kuanzia lini hadi lini, pamoja na `AGR_1251`, lenye ruhusa zilizomo ndani ya kila jukumu. Niliyaunganisha, nikayapanga kwa jina la mtumiaji, kisha nikatafuta wenye uwezo wa mambo matatu kwa pamoja: kubadilisha msambazaji kwa `FK02`, kuingiza ankara isiyo na LPO kwa `FB60`, na kuendesha malipo kwa `F110`. Sikutarajia kupata jina hata moja. Nilipata mawili.

La kwanza lilikuwa la mhasibu msaidizi wa malipo. Dada aliyetunza daftari la wasambazaji alipokwenda likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria yetu ni siku 84, kijana huyu alipewa jukumu lake ili kazi isisimame. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na ombi lake lilikuwa na sahihi zote. Lakini kwenye safu ya tarehe ya mwisho iliandikwa 31.12.9999, tarehe ambayo mfumo huijaza wenyewe mtoaji wa ruhusa asipoandika nyingine. Dada alikuwa amerudi kazini zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na jukumu lilikuwa bado mikononi mwa kijana.

Jina la pili lilinifundisha zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa afisa huyo wa hazina jukumu la kubadilisha wasambazaji. Katika SAP kufanya jambo huhitaji angalau vitu viwili: ruhusa ya kuita amri, inayokaa chini ya `S_TCODE`, na ruhusa ya kutenda juu ya taarifa zenyewe, ambayo kwa data za jumla za msambazaji, zikiwamo namba za benki, hukaa chini ya `F_LFA1_GEN` na wenzake. Ya kwanza ni mlango na ya pili ni ufunguo. Afisa huyu alikuwa na jukumu moja la kuangalia taarifa, ambalo mtengenezaji wake aliandika amri kwa mkato kama `FK0*`, inayobeba na `FK02`, badala ya kutaja `FK03` ya kuangalia peke yake. Ndani ya jukumu hilo kitendo kilichoruhusiwa kilikuwa 03, kuangalia tu. Alikuwa pia na jukumu jingine la ripoti, lisilo na amri yoyote ya kubadilisha, lakini mahali pa kitendo palikuwa na nyota, maana yake vitendo vyote. Mfumo haukumbuki ruhusa ipi ilitoka katika jukumu lipi: huzijumlisha zote katika fungu moja la mtumiaji. Mlango ulitoka huku, ufunguo ulitoka kule, na mtu akapata uwezo ambao haupo katika jukumu lake lolote. Ndiyo maana ukaguzi wa jukumu mojamoja, hata ukifanywa kwa uaminifu mkubwa, hauwezi kuuona uwezo wa namna hii.

Kuwa na uwezo si kuutumia, na niliona ni haki ya wote wawili nipime matendo kabla ya kuandika neno juu yao. SAP huhifadhi kila badiliko la taarifa za msambazaji katika majedwali mawili ya historia, na malipo yenyewe katika jedwali la tatu. Niliomba haya:

```
CDHDR  OBJECTCLAS = KRED
CDPOS  TABNAME = LFBK, CHNGIND = I, D, E
REGUH  XVORL = tupu; soma ZBNKN
```

Mstari wa pili unahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo wakaguzi wengi hupitwa. Mtu hutegemea kwamba badiliko la akaunti ya benki litaandikwa kwa alama ya `U`, ya kusasisha. Namba ya akaunti, hata hivyo, ni sehemu ya ufunguo wa jedwali la `LFBK`, linalotunza akaunti za benki za wasambazaji, na ufunguo wa jedwali, yaani taarifa zinazoitambulisha kila safu, haubadilishwi. Kwa hiyo mfumo huifuta safu ya zamani na kuingiza mpya, na historia huonyesha kufutwa na kuingizwa. Anayechuja kwa `U` atapata ukurasa mweupe na kuamini kwamba hakuna aliyegusa akaunti yoyote.

Afisa wa hazina hakuwa ameugusa ule uwezo hata mara moja, na yaelekea hakujua kwamba anao. Kwa mhasibu msaidizi mambo yalikuwa tofauti. Akaunti ya kampuni moja ya usafirishaji, tuliyofanya nayo kazi kwa miaka mingi, ilifutwa Jumatano mchana na nyingine ikaingizwa. Jioni hiyohiyo ankara ya shilingi 18,400,000 iliingizwa kwa `FB60` kama gharama za usafiri. Alhamisi ilitoka katika mkupuo wa kawaida pamoja na malipo mengine mengi. Ijumaa asubuhi akaunti mpya ilifutwa na ya zamani ikarudishwa. Jina la mtumiaji lilikuwa moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ukilifungua daftari la wasambazaji Jumatatu iliyofuata, kila kitu kilikuwa sahihi. Iliyobaki ni alama ndani ya `REGUH`, ambayo katika `ZBNKN` hutunza namba ya akaunti iliyolipwa siku ile, hata kama daftari limebadilishwa baadaye. Nililinganisha namba hizo na zile za daftari kwa malipo ya miaka miwili, baada ya kuondoa safu za mapendekezo ya malipo, ambazo huwa na `X` kwenye `XVORL`. Tofauti zilizotokea zilikuwa chache. Nyingi zilikuwa na barua ya msambazaji aliyehama benki, na hii haikuwa nayo.

Msafirishaji hakulalamika kwa sababu hakupungukiwa na chochote: ankara haikuwa yake, kwa hiyo hakuisubiri kulipwa. Ingeonekana tu kama mtu angeomba taarifa yake ya hesabu na kuilinganisha na yetu, na kukuta kwetu ankara moja zaidi. Aliyesaini malipo naye aliona karatasi yenye majina na viasi. Namba za akaunti zilikuwa ndani ya faili lililopakiwa kwenye mtandao wa benki, hazikuwa kwenye karatasi.

Niliyakabidhi yote kwa mkurugenzi wa fedha, na suala la kijana lilikwenda kwa rasilimali watu na wanasheria, mahali ambapo lilistahili kuamuliwa. Mhasibu mkuu alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, “Yule kijana nimemlea mwenyewe kazini.” Nilimhurumia, na bado ninaamini kwamba kumwachia mtu mshahara mdogo na njia nzima ya fedha mikononi ni dhuluma kwa mtu huyo pia.

Marekebisho yalianza na kuondoa majukumu na kuandika upya yale yenye nyota, lakini sikutaka tutegemee hilo pekee. Tuliwasha uthibitisho wa watu wawili kwa namba ya benki ya msambazaji: inapobadilishwa, mkupuo wa malipo humwacha msambazaji huyo hadi mtu mwingine athibitishe kwa `FK08`, na aliyebadilisha hawezi kujithibitishia mwenyewe. Mkupuo nao tuliugawa kupitia `F_REGU_BUK`, mmoja akipewa kitendo cha 11, kuandaa pendekezo, na mwingine cha 21, kulipa. Karatasi ya kusaini iliongezewa safu ya namba za akaunti.

Nilipojaribu kuivunja ngome hiyo mpya katika mfumo wa majaribio, nilipata njia mbili zilizobaki wazi. Moja ilikuwa ya mlipwaji mbadala, ambapo huhitaji kugusa akaunti ya benki. Unaandika tu katika taarifa za msambazaji kwamba fedha zake zilipwe kwa msambazaji mwingine. Hiyo tuliiongeza katika orodha ya taarifa zinazohitaji uthibitisho. Nyingine ilikuwa akaunti ya wasambazaji wa mara moja, ambamo jina na benki huandikwa ndani ya ankara yenyewe, hivyo hakuna daftari la kulinda wala badiliko la kuthibitisha. Tuliiwekea zuio la malipo ambalo ni mhasibu mkuu pekee angeweza kuliondoa, ankara kwa ankara.

Mbeya ilibaki ngumu. Tawi lilikuwa na mhasibu mmoja, na mtu mmoja hagawanyiki. Tulihamishia malipo yote Dar es Salaam na kumwondolea daftari la wasambazaji, akabaki na kuingiza ankara na kutuma maombi ya usajili yakiwa na TIN na barua ya benki. Maduka yaliyohitaji kulipwa siku hiyohiyo yalipata shida, na malalamiko ya meneja wa tawi yalikuwa ya haki. Tulimwachia sanduku la fedha taslimu lenye kikomo kidogo, likihesabiwa na mtu wa ghala. Robo mwaka iliyofuata nilirudia kuyaunganisha yale majedwali mawili, safari hii nikiyahesabu pamoja majina yote ya mtumiaji aliyonayo mtu mmoja. Lilitokea jina moja tu, la msimamizi wa mfumo mwenye `SAP_ALL`, yaani ruhusa zote za mfumo, na wiki hiyo tukaanza mazungumzo ya kumwondolea.