Nilivyochagua mfuko wa fahirisi kwa akiba yangu ya uzeeni

Nilipoanza kazi ya uuguzi Texas mwaka 2018, mwajiri alinipa orodha ya mifuko ya uwekezaji kumi na tisa, nichague mmoja wa kuwekea akiba ya kustaafu, ile iitwayo 401(k). Nikachukua uliopata faida kubwa mwaka uliotangulia. Mwaka uliofuata soko lilipanda vizuri, wangu ukajikokota nyuma.

Dada mmoja Mkenya tuliyekuwa naye zamu ya usiku akaniambia, "Wewe unaangalia faida ya jana. Angalia safu ya makato." Safu hiyo imeandikwa Expense Ratio. Mfuko wangu ulikata asilimia 1 kila mwaka. Chini kabisa palikuwa na mwingine uliokata 0.04 tu, nao ulifuata S&P 500.

S&P 500 ni fahirisi, yaani kipimo kinachojumlisha kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, kila moja ikihesabiwa kwa thamani yake sokoni. Mfuko wa fahirisi hununua hisa za kampuni hizo zote kwa uwiano uleule. Haumlipi mtu abashiri ipi itapanda, ndiyo maana makato yake ni madogo. John Bogle wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard ndiye aliyeanza kuwauzia watu wa kawaida mfuko wa namna hii, mwaka 1976.

Kilichonishawishi ni hesabu. Wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko lenyewe, kwa hiyo anayelipita soko amempata wa kubaki nyuma yake. Ukitoa gharama, wanaochaguachagua hisa kwa wastani watakuwa chini ya soko. Mgeni kama mimi hana njia ya kumjua mapema meneja wa mfuko atakayeshinda, ila makato anayaona leo. Nilipiga hesabu ya dola 10,000 kwa miaka 30, tuseme soko linakua asilimia 7 kwa mwaka. Kwa makato ya 0.04 zinafika kama 75,000. Kwa makato ya 1 zinaishia kama 57,000.

Nikahamisha akiba yote.

Kati ya Februari na Machi 2020 fahirisi ilianguka takriban asilimia 34 kwa wiki tano, na akiba yangu ikaanguka nayo. Mfuko huu haukukingi soko linaposhuka, kwa sababu wenyewe ni soko. Sikuuza, maana fedha ile ni ya uzeeni, na kufikia Agosti fahirisi ilikuwa imerudi ilipokuwa. Lakini si kila mara hurudi haraka. Kilele ilichofikia mwaka 2000 ilikirudia 2007, ikaanguka tena, na haikukivuka kwa kudumu hadi 2013.

Kwa hiyo fedha za kuezekea nyumba ya mama Korogwe, ambazo fundi alizitaka ndani ya miaka miwili, sikuzigusa. Zilibaki benki.