Kizio kinachokosekana ndicho kinachotaja kosa

Ninafundisha fizikia jioni hapa Mtwara mjini, na swali linaloniletea makosa mengi ya vizio ni la waya unaovutwa na mzigo. Waya wa feleji una urefu wa mita 2.0 na kipenyo cha milimita 0.50. Umening'inizwa mzigo wa kilo 5.0, nao ukarefuka milimita 2.5. Tafuta moduli ya Young. Fomula ni E = FL/(Ae), ambapo F ni kani, L urefu wa awali, A eneo la mkato wa waya na e ni kiasi ulichorefuka.

Kosa la kwanza ni kuweka 5.0 mahali pa F. Silishangai. Ghalani korosho zikipimwa, kilo ndizo zinazoitwa uzito wa gunia, na mwanafunzi amekulia katika lugha hiyo. Lakini kilo ni kizio cha tungamo. Anayeweka 5.0 hupata takriban 2.0 × 10¹⁰, kisha huandika N/m² pembeni kwa sababu anakumbuka jibu huwa na kizio hicho. Hapo ndipo kosa linapofichwa: kizio kimetoka kichwani, hakikutoka kwenye hesabu.

Kwa hiyo kizio cha jibu siruhusu kiandikwe kwa kukumbuka. Kila namba inaingia kwenye fomula na kizio chake, na vizio vinakatwa kama namba zinavyokatwa. Kwa kosa hili vinatoka hivi:

kg × m / (m² × m) = kg/m²

Kinachotakiwa ni N/m². Niutoni moja ni kg·m/s², kwa hiyo N/m² ni kg/(m·s²). Havilingani, na wengi huishia hapo, wakafuta kazi yote na kuanza upya. Mimi huwaambia wagawanye kinachotakiwa kwa walichopata:

kg/(m·s²) ÷ kg/m² = m/s²

Kilichokosekana kina kizio cha mchapuko. Katika swali la mzigo ulioning'inizwa, mchapuko unaoweza kusahaulika ni mmoja tu, nao ni g. Basi F = 5.0 × 9.8 = 49 N, na hakuna haja ya kugusa kitu kingine.

Njia hii hufanya kazi hata kwenye fomula iliyokumbukwa vibaya. Aliyesahau kugawanya kwa e atabaki na N/m, na ukigawanya N/m² kwa hiyo unapata 1/m, yaani kuna urefu mmoja uliotakiwa kuwa chini ya mstari.

Kosa la pili ni gumu zaidi, na hapa kuandika dimensheni peke yake, yaani M ya tungamo, L ya urefu na T ya muda, hakusaidii. Eneo la mkato ni πd²/4, sawa na milimita za mraba 0.196. Mwanafunzi hujua milimita ni 10⁻³ ya mita, akaandika 1.96 × 10⁻⁴ m². Jibu linakuja 2.0 × 10⁸. Ukikagua kwa dimensheni, eneo ni L² iwe ni milimita au mita, kwa hiyo ukaguzi unapita bila kelele. Ndiyo sababu nataka kizio chenyewe kiandikwe ndani ya mabano kabla ya kipeo: (0.50 × 10⁻³ m)². Kipeo kikiwa nje ya mabano kinashika vyote viwili, namba na kizio, na 10⁻⁶ inajitokeza yenyewe. Eneo sahihi ni 1.96 × 10⁻⁷ m².

Sasa hesabu kamili:

E = (49 N × 2.0 m) / (1.96 × 10⁻⁷ m² × 2.5 × 10⁻³ m) = 2.0 × 10¹¹ N/m²

Yapo makosa yanayopita katika chujio lote hili. Aliyetumia πd² bila kugawanya kwa 4 atapata 5.0 × 10¹⁰ na vizio vyake vitakuwa safi kabisa, maana 4 haina kizio. Vivyo hivyo aliyebonyeza kikokotozi 98 ÷ 1.96 × 10⁻⁷ × 2.5 × 10⁻³ bila mabano: karatasi inasema gawanya kwa e, mashine imezidisha. Ukaguzi wa vizio unasoma karatasi, hauoni vidole. Kwa hayo mawili nategemea kujua kwamba moduli ya feleji huwa karibu na 2 × 10¹¹. Jibu likiwa robo ya hiyo, ninaanza kwa kutazama 4 iliyo chini ya πd².