Barua kwa mwalimu mwenzangu: nilivyoanza kufundisha mtandaoni

Muheza, Tanga

Dada yangu na mwalimu mwenzangu,

Habari za siku nyingi? Mimi na wajukuu hatujambo. Uliponiuliza kwenye simu kama kufundisha Kiswahili mtandaoni kunawezekana kwa wazee wa chaki kama sisi, nilikujibu juu juu kwa sababu sauti ilikuwa inakatika. Leo nakuandikia kwa kituo, maana nawe unakaribia kustaafu.

Nilianza mwezi wa pili. Kwa wiki tisa nilikuwa na mwanafunzi mmoja tu, binti wa miaka 9 anayeishi Ujerumani. Mama yake ni wa huku kwetu, baba ni Mjerumani anayejikongoja na Kiswahili. Baba ndiye aliyeniandikia: "Jumamosi saa 5." Nikavaa kitenge changu, nikakaa mbele ya simu saa tano asubuhi, nikangoja mpaka saa sita. Kumbe yeye alisoma saa ya kwao, akimaanisha saa kumi na moja jioni. Jioni wakanipigia mara tatu nami niko msibani, simu nimeizima.

Tukapatana tuwe tunaandika 17:00 Ujerumani, 19:00 Tanzania. Tukaenda vizuri hadi mwisho wa Machi, nikaingia saa moja usiku kama kawaida, nikaambiwa mtoto amengoja saa nzima na sasa anakula. Jumapili ya mwisho ya Machi Ulaya husogeza saa mbele, halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha nyuma. Sisi saa yetu haiguswi. Kwa hiyo tofauti yetu nao, ambayo ni saa mbili wakati wa baridi, huwa saa moja kiangazi. Siku hizo mbili nimezizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani, na juma moja kabla natuma ujumbe wenye saa zote mbili.

Lakini kilichonichelewesha hasa ni ufundishaji wenyewe. Nilimwandikia jedwali la ngeli, kama tulivyozoea ubaoni, nikamwelekezea kamera. Masomo manne mfululizo mtoto alikuwa ananitazama tu. Nikiuliza, kimya, nikianza kumsaidia, sauti yake inafika inagongana na yangu, ananyamaza tena. Darasani tulikuwa na watoto hamsini wanaoitikia pamoja, aliyekwama anabebwa na wenzake. Huku yuko peke yake, na sauti inachelewa njiani. Sasa nikiuliza ninahesabu moja hadi tano kimoyomoyo ndipo nifungue kinywa. Mara nyingi jibu huja kwenye nne.

Jedwali nililiacha siku aliponionyesha chai yake akasema, "Vikombe yangu mbili." Nilitaka kumsahihisha, nikajizuia, nikamwambia alete vitu vingine vya jikoni. Akaleta kijiko, sahani na kisu, akavipanga mezani mbele ya kamera. Nikanyanyua kijiko changu nikasema, "Kijiko changu." Akanyanyua chake, "Kijiko changu." Nikaongeza cha pili, "Vijiko vyangu viwili." Tukaenda kwenye kisu hivyo hivyo, kisha sahani: "Sahani yangu. Sahani zangu mbili." Hapo akasita, akauliza mbona sahani haikubadilika mwanzo wake lakini "yangu" imekuwa "zangu". Dada, lile swali nilikuwa nalitafuta wiki nne!

Mama yake aliyekuwa kando akanieleza kwamba hata Kijerumani kina makundi ya nomino, matatu, na kwamba kijiko, uma na kisu kila kimoja kina kundi lake. Mtoto hajifunzi neno "kijiko" peke yake, hulishika pamoja na kineno kinachotangulia. Tangu siku hiyo sifundishi nomino tupu. Neno jipya linakuja na "-angu" yake, umoja na wingi, na kitu chenyewe kikiwa mkononi. Majina ya ngeli tutayataja baadaye, akishazoea kuyasikia maneno yakipatana. Bado "maji yangu" na "ua langu" vinamchanganya, na sivilazimishi.

Kuhusu bando, picha ndiyo inayokula. Tukifika kwenye hadithi nazima kamera, tunabaki na sauti. Simu naiegemeza kwenye vitabu, mimi nikitazama dirisha; nikiligeuzia mgongo wanaona kivuli tu.

Sasa nina wanafunzi wanne, watatu wameletwa na mama yule. Hela inatosha umeme na bando, na inabaki kidogo ya sukari. Usiitegemee kama mshahara.

Nina ombi. Zile kadi za matunda ulizochora kwa darasa la kwanza, kama hazijaliwa na mchwa, nipe kwa basi la Jumatatu. Mtoto wa Maskati anaanza wiki ijayo, na mafenesi hapa kwangu hayajaiva.

Mwenzio wa siku zote.