Nilivutwa na nini?

Jana usiku nilikuwa nasahihisha jaribio langu la hesabu la kuchagua jibu. Swali la 14: viatu vya shilingi 20,000 vilipandishwa bei kwa asilimia 20, kisha bei mpya ikashushwa kwa asilimia 20. Sasa ni shilingi ngapi? Nilichagua A, 20,000. Jibu ni C, 19,200.

Zamani ningeandika "uzembe" pembeni, nikapita. Neno hilo halinifundishi kitu. Safari hii nimeandika kilichonivuta: ishirini juu, ishirini chini, nikaona zimefutana. Halafu nikasoma tena swali nitafute nilichoruka. Ni maneno mawili tu, "bei mpya". Asilimia 20 ya pili inatolewa kwenye 24,000, yaani 4,800, si 4,000.

Nikarudi kwenye swali la 9, la mshahara. Kosa lilelile! Sikuwa nimejiuliza asilimia ni ya kiasi gani. Sasa kila nikiona "asilimia" napigia mstari kiasi chake kabla sijatazama majibu.

La 11 nilipata, ila nilibahatisha. Nalo nimeliandika.