Gawio la senti 80

Jumamosi jioni. Nimerudi kutoka mkutano mkuu wa mwaka, koo limekauka. Kampuni yetu ilianza kama chama na wanahisa wengi nawajua kwa majina, ndiyo maana jana sikupata usingizi. Mwaka jana tuligawa shilingi 2 kwa kila hisa. Mwaka huu bodi imependekeza senti 80.

Hotuba niliyoandika kwanza ilifungua na riba za benki na hali ya uchumi, senti 80 zikaja ukurasa wa tatu. Niliifuta. Mtu aliyepangia karo pesa hizo anangoja kusikia kiasi tu. Kabla ya hapo maneno yote yanampita. Basi nikasalimu, nikasema: "Gawio ni senti 80. Mwenye hisa 5,000 alipata shilingi 10,000 mwaka jana kabla ya kodi. Mwaka huu atapata 4,000." Ukumbi ukavuma, nikauacha uvume.

Mzee mmoja wa safu ya mbele akainua ripoti. "Mama Mwenyekiti, hapa mmeandika faida milioni 61. Mwaka jana ilikuwa 48. Faida inapandaje na gawio linashuka?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Nikamwonyesha kwamba katika hizo, milioni 34 ni thamani ya godauni zetu za Barabara ya Mombasa kupanda. Mthamini alikuja, akaandika bei mpya, vitabu vikanenepa. Lakini hatujauza hata bati moja, na sheria ya kampuni hairuhusu kugawa faida iliyo kwenye karatasi tu. Zinabaki milioni 27. Hisa zetu ni milioni 20, kwa hiyo gawio linachukua milioni 16, na milioni 11 zinapunguza mkopo tuliojengea godauni la pili.

"Na huo mkopo wa riba inayopandapanda, nani aliukubali?"

Nikajibu ni bodi, na mimi mwenyewe niliinua mkono. Tulipiga hesabu kwa riba ya siku ile, hatukujiuliza ikipanda tutalipaje. Hapo ulimi ulitaka kukimbilia kusema kwamba kila mkopaji aliumia. Ni kweli, ila hakikuwa alichouliza. Nikanywa maji, nikanyamaza.

Mama mmoja akaomba tupige kura iwe shilingi moja na nusu. Nikamweleza kwamba katiba yetu inawaruhusu wanachama kukubali au kupunguza kiasi cha bodi, si kukizidisha. Alipouliza kama mwaka ujao itarudi 2, sikuahidi. Nilimwomba ripoti ijayo aanze na ukurasa wa mtiririko wa fedha, aangalie pesa taslimu zilizoletwa na biashara, ndipo arudi kwenye faida.

Pendekezo likapita. Wakati wa chai yule mzee alinifuata na hesabu yake nyuma ya ripoti: 4,000, toa kodi asilimia 5, baki 3,800.

"Ni hivyo?"

"Ni hivyo, Mzee."

Akaikunja karatasi. "Basi nitamwambia fundi angojee hadi Desemba."