Jumamosi, zamu yangu ya maswali

Leo ilikuwa zamu yangu ya kuuliza. Tuko watano, kidato cha sita hapa Arua, na kila Jumamosi tunakaa saa moja chini ya mwembe. Robo saa ya kwanza madaftari yamefungwa na kila mtu anaandika anachokumbuka. Kisha nusu saa ya maswali, na robo ya mwisho ni ya daftari la pamoja. Mwenye kuuliza hubadilika kila wiki.

Mada ilikuwa Mkataba wa Buganda wa 1900, kati ya ufalme wa Buganda na Waingereza. Nikauliza: nani alitia saini upande wa Buganda, na kwa nini? Watatu wakaandika kwamba ni Kabaka, yaani mfalme, Mwanga. Kilichonishtua ni kwamba sentensi zao zilifanana neno kwa neno. Mtu akisahau, husahau kwa namna yake, hivyo kosa lile lilikuwa limekaririwa. Tukafungua daftari la pamoja, nalo lilisema hivyohivyo. Dada mmoja akanitazama, akasema taratibu, "Kaka, huu ni mwandiko wako."

Ni kweli. Muhula uliopita niliandika kutoka kichwani, nimechoka, na wenzangu wakaniamini. Iliniuma sana. Mwanga alikuwa ameshakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli. Kabaka alikuwa mwanawe, Daudi Chwa, ambaye hakuwa ametimiza miaka minne. Kwa hiyo waliomsimamia, Apolo Kagwa na wenzake, ndio waliotia saini kwa niaba yake. Ukiikosa sababu hiyo, huwezi kueleza kwa nini machifu walinufaika hivyo na ardhi ya mailo, ile iliyogawiwa kwa maili za mraba.

Swali la Lukiiko, baraza la Buganda, lilikwenda vizuri zaidi. Wote walijua wajumbe 89, ila hakuna aliyeweza kusema wametoka wapi. Tukahesabu pamoja: mawaziri 3, machifu 20 wa saza, ambazo ni kama kaunti, watu watatu kutoka kila saza, yaani 60, na 6 wa kuteuliwa na Kabaka. Kwenye daftari tumeandika hesabu nzima, kwa sababu aliyesahau 89 ataijenga upya mwenyewe.

Tumekubaliana kwamba anayefuata zamu atakuja na kitabu, apitie mistari ya wiki iliyotangulia, na kando ya kila mstari aweke namba ya ukurasa. Usio na namba hauingii kwenye karatasi ya saa ya mwisho.

Karatasi hiyo ni ya Jumatatu. Mtihani wa majaribio unaanza saa tatu asubuhi, sisi tutakutana saa mbili. Inabeba tu yale yaliyowashinda wawili wetu au zaidi: maswali kushoto, majibu kulia, upande wa majibu umekunjwa. Hatufungui mada mpya saa hiyo. Nilitaka kuacha jina la Mwanga likiwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, dada akakataa, maana mwenye haraka hushika jina analoliona. Nimeiandika karatasi upya, mistari saba, na jina hilo halimo.